Kujaza nafasi kwa much, many, few, little na some: jinsi ya kutenganisha nomino za kuhesabika na zisizohesabika

Tuanze na sentensi ambayo nimeiona ikiwaangusha wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote ya aina yake:

The teacher gave us ____ useful advice.

Tuseme machaguo ni *many*, *few*, *a few* na *some*. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili husoma kimoyomoyo kwamba mwalimu alitupa "ushauri mwingi", akaukumbuka msamiati wake kwamba "-ingi" ni *many*, akaandika *many*, na akakosa, kwa kuwa jibu ni *some*. Kosa hilo halitokani na uvivu. Linatokana na ukweli kwamba kivumishi chetu cha "-ingi" hakijali kama kitu kinahesabika au la: tunasema watu wengi, vitabu vingi, maji mengi, sukari nyingi na ushauri mwingi, mzizi ukiwa ni uleule. Kiingereza kimeligawa neno hilo mara mbili, *many* kwa vinavyohesabika na *much* kwa visivyohesabika, na hakuna chochote ndani ya "-ingi" kinachotuonyesha mahali pa kukata.

Hali huwa mbaya zaidi kwa nomino kama maji, maziwa, mafuta na majivu, kwa sababu upatanisho wake wa kisarufi unafanana na wa wingi. Tunasema "maji haya mengi yamemwagika" kama vile tunavyosema "mayai haya mengi yamevunjika". Sikio lililozoea upatanisho huo huona wingi pale ambapo Kiingereza kinaona umoja, na hapo ndipo zinapozaliwa *many water* na *many milk*. Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kuachana kabisa na "-ingi" unapoamua nomino iko upande gani. Kiswahili kina kipimo kingine kilicho bora zaidi, nacho nitakieleza katika hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: tafuta nomino inayotawaliwa na nafasi

Kabla ya kuuliza kama nomino inahesabika, hakikisha umeipata nomino yenyewe. Mara nyingi neno linalofuata nafasi si nomino bali ni kivumishi, na vivumishi vinaweza kuwa viwili au vitatu mfululizo. Katika sentensi yetu ya juu, *useful* ni kivumishi na unapaswa kukiruka hadi ufike kwenye *advice*. Mimi huwataka wanafunzi wapige mstari chini ya nomino kwa penseli kabla ya kuandika jibu, kwa kuwa mkono ukishapiga mstari, jicho haliwezi tena kudanganywa na maneno ya katikati.

Mtego mkubwa zaidi katika hatua hii ni neno *of*. Linganisha sentensi hizi mbili:

How ____ bottles of water did you buy?
How ____ of the water did you drink?

Katika sentensi ya kwanza maji yametajwa, lakini kinachoulizwa idadi yake ni chupa, na chupa zinahesabika, hivyo jibu ni *many*. Katika sentensi ya pili hakuna chombo chochote kati ya nafasi na maji, hivyo jibu ni *much*. Kanuni yake ni nyepesi: kama kuna nomino kati ya nafasi na *of*, nomino hiyo ndiyo inayoamua; kama nafasi inafuatwa na *of* moja kwa moja, iangalie nomino iliyo baada ya *of*.

Zipo pia sentensi ambazo nomino haipo kabisa. *How ____ does it cost?* haina nomino baada ya nafasi, na jibu lake ni *much*, kwa kuwa kinachoulizwa ni bei. Lakini *I need some eggs. How ____ do you need?* inarejelea mayai yaliyotajwa katika sentensi iliyotangulia, na jibu lake ni *many*. Nomino ikikosekana, rudi nyuma uitafute.

Hatua ya pili: amua kama nomino inahesabika

Anza na umbo la nomino, kwa sababu mtunzi wa swali analazimika kuiandika nomino jinsi ilivyo, na umbo hilo mara nyingi limeshakupa jibu. *Chairs*, *students*, *minutes* na *mistakes* zina *s* ya wingi, kwa hiyo zinahesabika, na *much* na *little* zinaondoka mezani papo hapo. Nomino isiyo na alama ya wingi, kama *patience*, *milk* au *time*, inawaondoa *many* na *few*. Kumbuka tu kwamba wingi wa Kiingereza hauna *s* kila mara: *people*, *children*, *men*, *women*, *teeth* na *feet* ni wingi kamili. *Sheep* na *fish* hazibadiliki hata kidogo, na hapo kitenzi husaidia, kwa maana *were* huonyesha wingi na *was* huonyesha umoja. Kwa upande wa pili, *news* ina *s* lakini ni nomino isiyohesabika, na kitenzi chake ni *is*.

Umbo likikuacha na shaka, tumia kipimo nilichokiahidi. Ingawa "-ingi" haitenganishi chochote, sisi hutenganisha upande wa uchache bila kufikiri: tunasema watu wachache, viti vichache na dakika chache, lakini tunasema maji kidogo, sukari kidogo, subira kidogo na mvua kidogo. Kwa kawaida hatusemi "subira chache". Basi igeuze nomino ya Kiingereza iwe ya Kiswahili, iweke katika wingi kama ina wingi, kisha ijaribu kwa "-chache" na kwa "kidogo". Ikikubali "-chache", huenda inahesabika, na maneno yake ni *many* na *few*. Ikikataa "-chache" na kukubali "kidogo" pekee, huenda haihesabiki, na maneno yake ni *much* na *little*. Hata *advice* iliyotusumbua inapita hapa salama: "ushauri kidogo" ni Kiswahili cha kawaida, ilhali "ushauri mchache" unakwaruza sikio.

Sababu ya kuiweka nomino katika wingi ni kwamba "kitabu kidogo" humaanisha kitabu chenye umbo dogo, wala si kiasi cha kitabu. *Little* ina tabia hiyohiyo. *Little children* ni watoto wadogo, na *few children* ni watoto wachache. Ukiandika *There were little children in the class* ukikusudia kusema kwamba watoto walikuwa wachache, sentensi yako ni sahihi kisarufi, ila umesema jambo jingine kabisa.

Nimesema "huenda" kwa makusudi, kwa sababu kipimo kina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayostahili kukaririwa badala ya orodha ndefu za nomino zote. Kuna kundi dogo la nomino ambazo Kiswahili kinazihesabu bila taabu lakini Kiingereza kinakataa. Tunasema habari chache au taarifa chache, lakini *news* na *information* hazihesabiki. Tunasema samani chache, mizigo michache na vifaa vichache, lakini *furniture*, *luggage* na *equipment* hazihesabiki. Tunasema nywele chache na nyasi chache, lakini *hair* na *grass* kwa kawaida hazihesabiki. Tunahesabu mikate, lakini *bread* haihesabiki, na tunahesabu kazi za nyumbani, lakini *homework* haihesabiki. Ndiyo maana *informations*, *furnitures*, *luggages*, *equipments* na *homeworks* ni makosa yanayojirudia katika karatasi za wanafunzi wetu. Ukitaka kuzihesabu kwa Kiingereza, lazima utangulize kipande au kipimo: *a piece of furniture*, *two pieces of information*, *a loaf of bread*. Ukishafanya hivyo, *piece* na *loaf* ndizo zinazohesabiwa, na tumekwisha kuona jinsi *of* inavyofanya kazi.

Fedha nazo zimo katika kundi hili. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika *few money* katika insha, nikabishana na mwalimu kwamba hakuna kitu duniani kinachohesabiwa kuliko fedha. Alinijibu kwamba ninachohesabu mkononi ni noti na sarafu, yaani *notes* na *coins*, na hizo zina *many* na *few*. *Money* yenyewe ni jina la kitu kizima kisichokatwa vipande. Kwa hiyo ni *much money* na *little money*, lakini *many coins* na *few coins*.

Upande wa pili kuna nomino chache ambazo sisi huzichukulia kama rundo na Kiingereza huzihesabu. Tunasema "maharage kidogo", "njegere kidogo" na "mboga kidogo", lakini *beans*, *peas* na *vegetables* zinahesabika, kwa hiyo ni *a few beans*, si *a little beans*. Mchele, ambao punje zake ni ndogo kama hizo, hauhesabiki: *a little rice*. Usitafute sababu katika maumbile ya vitu, maana haipo. Waingereza wenyewe zamani walikuwa na neno *pease* lililotumika kwa rundo la njegere, likasikika masikioni mwao kama wingi, nao wakalikata na kupata *pea* kwa punje moja. Mipaka hii ni mazoea ya lugha, na hubadilika kama mazoea mengine.

Limebaki kundi moja, la nomino zinazohesabika katika maana moja na kutohesabika katika nyingine. *Much time* ni muda mwingi, na *many times* ni mara nyingi. *Much room* ni nafasi kubwa, na *many rooms* ni vyumba vingi. *Paper* isiyohesabika ni karatasi ya kuandikia, na *papers* ni magazeti, nyaraka au karatasi za mtihani. Katika kujaza nafasi kundi hili halitishi, kwa sababu mtunzi amekwisha kuchagua maana alipoweka au kuacha *s*. Liamini umbo lililo mbele yako, hata kama umezoea kuliona neno hilo kwa sura nyingine.

Hatua ya tatu: tazama kilicho kushoto mwa nafasi

Nomino iliyo kulia hukuachia maneno mawili au matatu. Neno lililo kushoto hupunguza tena.

Ukiona *a* peke yake kabla ya nafasi, *much*, *many* na *some* haziwezi kuingia. *We waited for a ____ minutes* inapokea *few*, na *You need a ____ patience* inapokea *little*. Usishangazwe na *a* kukaa karibu na *minutes* iliyo katika wingi, kwa kuwa *a few* huchukuliwa kama neno moja.

Ukiona *how* katika swali la idadi au kiasi, jibu ni *much* au *many*. Baada ya *so* na *too*, *some* haingii, lakini maneno mengine manne yote yanaweza kuingia, hivyo itabidi maana iamue: *too many mistakes* ni makosa kupita kiasi, na *too few chairs* ni viti visivyotosha. Baada ya *very*, tegemea zaidi *few* na *little*.

Ukanushi nao ni alama kubwa. Katika sentensi kama *We do not have ____ time*, neno la kawaida ni *much*, na kama nomino ingekuwa *chairs* lingekuwa *many*. *Some* haikai vizuri hapo, kwa sababu ikikanushwa hivyo Kiingereza hutumia *any*. Kinyume chake, *much* huwa nzito katika sentensi yakinishi ya kawaida. *I have much milk* si kosa la kisarufi, lakini mzungumzaji wa kawaida hasemi hivyo, bali husema *a lot of milk*. Kwa hiyo ukipewa *There is ____ milk in the jug* na machaguo ni *much* na *some*, chagua *some*.

Maswali yana upekee wake. Swali la kumkaribisha mtu au la kuomba kitu hupokea *some*, kwa kuwa anayeuliza anatarajia kukubaliwa: *Would you like ____ water?* Ukiandika *much* hapo, umeacha kukaribisha na umeanza kupima.

Hatua ya nne: few au a few, little au a little

Hapa nomino haisaidii tena, kwa kuwa *few* na *a few* huchukua nomino zilezile. Tofauti iko katika mtazamo wa msemaji. *A few* ni "kadhaa": vipo, na msemaji anaona vinatosha kwa jambo lake. *Few* ni "haba": msemaji anatazama upungufu. *Little* na *a little* zinatofautiana vivyo hivyo kwa visivyohesabika. Tazama jozi hii:

He has a few friends here, so he is not lonely.
He has few friends here, so he is lonely.

Idadi ya marafiki inaweza kuwa ileile, watatu kwa watatu. Kilichobadilika ni sehemu ya pili ya sentensi, na sehemu hiyo ndiyo unayopaswa kuisoma kabla ya kujibu. Wanafunzi wengi husoma hadi kwenye nafasi wakaishia hapo, ilhali ushahidi umewekwa baada ya mkato, aghalabu pamoja na *so*, *but* au *because*. Kama huna hakika, ingiza "haba" kisha "kadhaa" katika tafsiri yako uone ipi inaelewana na mwisho wa sentensi.

*Few* na *little* zisizo na *a* zina nguvu ya ukanushi hata pasipo *not*. Waingereza husema *Few people know this, do they?* na kumalizia kwa *do they* kama wanavyofanya baada ya sentensi kanushi. Kuna tahadhari moja tu: *only a few* na *only a little* zina *a*, lakini *only* huzirudisha kwenye upande wa uchache.

Kifungu kimoja hatua kwa hatua

Tuchukue zoezi ambalo maneno matano, *much*, *many*, *few*, *little* na *some*, yanatumika kila moja mara moja tu:

We arrived late because there was so (1) ____ traffic on the road. Very (2) ____ people were still in the hall, and there was (3) ____ furniture left: only two chairs and a broken table. A kind old man gave us (4) ____ water to drink. Then he asked how (5) ____ days we were going to stay.

Usianze na nafasi ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Anza na ile yenye jibu moja tu linalowezekana. Nafasi ya 5 ina *how* kushoto na *days* kulia, kwa hiyo ni *many* na hakuna jingine. Nafasi ya 2 ina *people*, ambayo ni wingi usio na *s*, na *were* inathibitisha. *Many* imekwisha kutumika, na *some* haikai baada ya *very*, hivyo ni *few*. Maana nayo inakubali, kwa sababu waliochelewa hukuta watu wamekwisha kuondoka.

Nafasi ya 1 ina *traffic* na *was*, kwa hiyo haihesabiki. *So* inaikataa *some*, na tunabaki na *much* au *little*. Barabara yenye magari haba haimcheleweshi mtu, kwa hiyo ni *much*.

Sasa zimebaki *little* na *some* kwa nafasi za 3 na 4, na nomino zote mbili hazihesabiki, hivyo sarufi imefika mwisho wake. *There was some furniture left* ni sentensi sahihi, na *gave us little water* ni sahihi pia. Lakini baada ya nukta pacha kuna *only*, viti viwili na meza mbovu, ambavyo vyote vinalalamikia upungufu, na mzee aliyeitwa *kind* hasifiwi kwa kubana maji. Basi 3 ni *little* na 4 ni *some*.

Ona kwamba *some* imekuja pamoja na nafasi za mwisho. Katika zoezi la aina hii iache hadi mwisho, kwa sababu inakubali nomino za pande zote mbili, na ukiitumia mapema utaiweka mahali panapoonekana sawa, kisha ujikute mwishoni na *few* mkononi mbele ya *water*. Likikutokea hilo, usihangaike na nafasi iliyobaki. Rudi mahali ulipoweka *some*, kwa kuwa mara nyingi kosa limekaa hapo.